Frilansa kajipa taito zake mwenyewe, tangazo letu lina taito nyingine: nimpimeje?

*"Habari mtaalamu. Tumetangaza nafasi ya mchambuzi wa data, tunataka mtu mwenye miaka 3 kwenye nafasi hiyo au inayolingana nayo. Kuna mwombaji mmoja kila nikimrudia nakwama, miaka yote amefanya frilansi na hakuna mahali sivii yake inasema mchambuzi wa data. Ameandika Mshauri Mkuu wa Maamuzi (Januari 2021 hadi Desemba 2022), Msimulizi wa Data (Machi 2021 hadi Agosti 2022) na Msaidizi wa Mtandaoni (Januari 2023 hadi Juni 2024). Bosi anasema taito hazifanani na tangazo, tumuweke pembeni. Mwenzangu anasema huyu anajikweza, mshauri mkuu wa nani wakati yuko peke yake? Mi nikisoma maelezo ya chini naona kuna kitu ila sijui nampimaje bila kumuonea au kumpendelea. Na hiyo miaka naihesabu vipi wakati kazi mbili zimepandana?"*

Ndugu, usimtoe bado, na usimpitishe bado pia. Bosi wako na mwenzako wanabishana lakini kosa lao ni moja, wote wawili wanaisoma ile taito kama vile kuna mtu kampa. Kwa mtu aliyeajiriwa hilo lina mantiki, manake taito yake imetolewa na kampuni, ina daraja, ina mshahara wake, ina mtu juu na pengine watu chini, kwa hiyo ukisoma "mchambuzi mwandamizi" kuna taasisi iliyokubali kumuita hivyo. Frilansa hana huyo mtu wa kumpa. Taito yake ni kibao cha duka, kaandika kile ambacho mteja anayepita atakielewa na kusimama. Mwenye biashara ndogo hatafuti "mchambuzi wa data", anatafuta mtu wa kumsaidia kuamua alete mzigo gani mwezi ujao, sasa mtu akijiita mshauri wa maamuzi anapata kazi na aliyejiita mchambuzi anakaa tu. Ndo maana taito hubadilika mteja akibadilika hata kama kazi yenyewe ni ileile.

Kwa hiyo taito kutofanana na tangazo lenu hakukuambii kwamba hajafanya hiyo kazi, na kwamba inasikika kubwa hakukuambii kwamba ni muongo. Inakuambia alikuwa anamuuzia nani, basi. Na kitu ambacho watu wengi hawakitegemei ni kwamba kibao kinaweza kupunguza vilevile. Hiyo "Msaidizi wa Mtandaoni" ndo ningeanza nayo mimi, manake ni jina ambalo mtu huingia nalo kwa kazi ndogo za kujibu imeili na kupanga ratiba, alafu mteja akimwamini anamrundikia kazi za maana bila mtu yeyote kukumbuka kubadilisha jina kwenye mkataba.

Mwambie bosi wako hili pia, huenda likamtuliza. Shirika la Kazi Duniani lina mfumo wa kupanga kazi unaoitwa ISCO-08, ndo takwimu za ajira za nchi nyingi zinapangwa kwa huo. Pale kazi inaelezwa kama seti ya shughuli na majukumu anayofanya mtu mmoja au anayotarajiwa kuyafanya, iwe kwa mwajiri au kwa kujiajiri mwenyewe. Yani majukumu ndo msingi, na mtu aliyejiajiri kahesabiwa humo humo. Kwa hiyo ukipima majukumu badala ya taito hujamfanyia mtu hisani yoyote.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Chukua tangazo lenu, funika taito kwa mkono, andika vitu ambavyo huyu mtu atakuwa anavifanya kila wiki. Usiandike sifa za jumla zile za "mchapakazi na makini", andika vitendo. Kwa mchambuzi wa data kwa kawaida vinabaki kama vinne: kuchota data mwenyewe kutoka kwenye databesi, kuisafisha na kuoanisha namba zinazogongana, kutengeneza ripoti au dashibodi inayotoka kwa ratiba, na kuwaeleza mameneja wasiopenda namba ili waamue kitu. Kama vya kwenu ni vitano au vitatu ni sawa ila isizidi hapo sana, ukifika kumi ujue umeanza kuandika matamanio.

Vile vitendo viandike kabla hujairudia sivii yake. Nasema hivi kwa sababu ukianza na sivii utajikuta unatengeneza vigezo vinavyomfaa yeye, au vinavyomkataa, kulingana na ulivyojisikia ulipoisoma mara ya kwanza. Ukishaviandika, waombaji wote wapimwe kwa hivyohivyo, na wale walioajiriwa wenye taito nzuri wasipite bure. Nimeona sivii za watu walioitwa wachambuzi wa data kwa miaka ambao kazi yao ilikuwa kupokea faili la eksel, kubadilisha tarehe juu na kulituma mbele.

Hatua inayofuata usiifanye kwa kubahatisha, muulize mwenyewe. Sivii ya frilansa karibu siku zote haina maelezo ya kutosha kwa sababu hakuwahi kuandikiwa maelezo ya kazi na mtu, kwa hiyo mtumie imeili fupi kabla ya usaili, kwa kila mkataba aseme: kazi alikuwa anapewa na nani, alikuwa anakabidhi nini na mara ngapi, masaa mangapi kwa wiki, nani mwingine alikuwa anafanya naye, na mambo gani aliweza kuyaamua bila kuomba ruhusa. Hayo matano yanatosha. Swali la mwisho ndo linalokuonyesha ngazi, manake ukubwa wa mtu kazini unaonekana kwenye kile anachoruhusiwa kukosea, siyo kwenye neno "mkuu".

Mi simjui huyo mwombaji wako, ila tuchukue tarehe ulizonipa na tuseme amejibu hivi, ili uone hesabu inavyoenda.

Kwenye "Mshauri Mkuu wa Maamuzi" anasema mteja alikuwa kampuni ya kusafirisha mizigo, masaa 10 kwa wiki, yuko peke yake. Kila mwezi anatumiwa mafaili kwa imeili, anayasafisha, anatoa ripoti ya njia zipi zinaleta hasara, alafu anakaa na mwenye kampuni kumweleza. Rudi kwenye vitendo vyako vinne. Kusafisha yupo, ripoti yupo, kueleza yupo tena vizuri kwa sababu alikuwa anaongea na mwenye maamuzi mwenyewe. Kuchota data hayupo, data ilikuwa inaletwa. Na hilo neno "mkuu" halina mtu chini yake, kwa hiyo kwenye swali la kama amewahi kusimamia watu unaandika hapana na unaendelea, hakuna haja ya kukasirika.

"Msimulizi wa Data" ilikuwa shirika moja, masaa 20 kwa wiki, databesi ilijengwa na mtu mwingine, yeye anaandika maswali ya SQL kuchota namba na kulisha dashibodi ya kila wiki. Hapa kuchota yupo, dashibodi yupo. Kueleza mameneja hayupo, manake alikuwa anamkabidhi msimamizi wake naye ndo anaenda kusimama mbele ya watu.

Alafu ile iliyoonekana ndogo. Masaa 40 kwa wiki, biashara ya kuuza vitu mtandaoni. Miezi 6 ya kwanza anajibu wateja na kupanga oda, kazi ya msaidizi kama ilivyoandikwa. Baadae aliyekuwa anafanya ripoti za stoo akaondoka na yeye akazibeba, akapewa ruhusa ya kuingia kwenye databesi, akaanza kutoa dashibodi ya kila wiki na kukaa na mameneja kila Jumatatu kuamua wanaagiza nini. Vyote vinne viko hapa, na amevifanya miezi 12 kwa muda wote. Angalia sasa, taito iliyokuwa dhaifu kuliko zote ndo imebeba ushahidi mzito kuliko zote, na mtu anayechuja kwa jina angeiruka.

Kwenye miaka ndo watu wengi wanakosea, wengine kwa kumpunja na wengine kwa kumzidishia. Ukijumlisha mikataba mmoja mmoja unapata miezi 24 na 18 na 18, jumla 60, yani miaka 5. Hiyo ni namba ya uongo hata kama hakuna aliyedanganya, kwa sababu mkataba wa pili wote umekaa ndani ya wa kwanza. Ukienda kwa kalenda, kuanzia Januari 2021 hadi Juni 2024, ni miezi 42. Ukiondoa ile miezi 6 ya kujibu wateja, ambayo hata kwa mtu aliyeajiriwa ungeiondoa kwa sababu ni kazi nyingine, inabaki 36.

Sasa hesabu kwa masaa, ukichukulia wiki kamili ni masaa 40. Mkataba wa kwanza ni miezi 24 kwa robo ya muda, ni sawa na miezi 6 kamili. Wa pili ni miezi 18 kwa nusu, ni 9. Wa tatu ni ile 12 ya uchambuzi. Jumla 27. Kwa hiyo una namba mbili za kweli, 27 na 36, na uzoefu wake uko katikati hapo. Mi huwa naichukulia ya masaa kama sakafu na ya kalenda kama dari. Siishii kwenye sakafu kwa sababu saa la frilansa mara nyingi ni saa la kazi yenyewe tu, kutafuta wateja na kudai malipo kaviweka pembeni, wakati masaa 40 ya mwajiriwa yana vikao ndani yake na kusubiri na mambo mengine ambayo hakuna anayemkata. Siruki mpaka dari pia, manake mtu wa masaa 10 kwa wiki hajakutana na matatizo mengi kama wa masaa 40 hata kama kalenda imekwenda sawa. Kwa fomu yenu andika zote mbili, usichague moja kimyakimya.

Mmeomba 36, yeye yuko kati ya 27 na 36. Anafaa? Hapa nikwambie ukweli ambao waajiri wengi hawaupendi, miaka ya uzoefu peke yake ni kipimo dhaifu sana cha nani atafanya kazi vizuri. Mwaka 2022 mtafiti Sackett na wenzake walipitia upya tafiti za miaka mingi za kuchagua wafanyakazi, usaili wa maswali yaleyale yaliyopangwa kwa wote ukatoka juu, majaribio ya ujuzi wa kazi na sampuli za kazi nazo zikafanya vizuri, na miaka ya uzoefu ikawa chini kabisa ya hizo. Kwa hiyo sitakuambia umkatalie mtu kwa miezi tisa iliyopungua kwenye hesabu moja ya mbili. Ila kuna sharti. Kama kuna waombaji walioajiriwa mmeshawatoa kwa kuwa na miezi 27 au 30, huwezi kumlegezea huyu peke yake kwa sababu hadithi yake imekuvutia, itabidi uwarudie na wao. Ama 36 ni mstari kwa wote, ama "inayolingana" inafunguliwa kwa wote. Mkiamua kufungua, andikeni leo maana yake ni nini, kwa mfano kwamba vitendo vitatu kati ya vinne vina ushahidi wa angalau mwaka mmoja, alafu pitisheni sivii zote humo.

Na mkiwa mnazirudia hizo sivii, angalia waliokataliwa walikataliwaje. Watu wanaamini programu za kuchuja maombi zinatupa sivii zenye taito tofauti zenyewe tu. Mara nyingi siyo hivyo, kinachomtoa mtu moja kwa moja ni yale maswali ya ndiyo na hapana mliyoyaweka kwenye fomu, kama "una miaka 3 kama mchambuzi wa data?", ambapo frilansa mkweli anaweza kujibu hapana kwa sababu hajawahi kuitwa hivyo. Kwingine ni mtu wenu mwenyewe kaandika taito kwenye kisanduku cha kutafuta na akasoma zilizotokea tu. Badilisheni swali liulize kitendo, na kwenye kutafuta msitegemee taito, andikeni kitu kama hiki:

```
("data analyst" OR reporting OR dashboard) AND SQL
```

Itakuletea makapi kidogo, ni kweli, ila makapi unayaondoa kwa macho. Mtu ambaye hakutokea kabisa huna namna ya kumjua.

Sasa la uongo, manake mwenzako hana hoja mbovu kabisa, kajiuliza tu mahali pasipo. Kujiita mshauri mkuu ukiwa unajitegemea ni majivuno kidogo, siyo ulaghai. Ulaghai unaanza pale sivii inapokufanya uamini aliajiriwa mahali ambapo alikuwa mkandarasi tu, mfano kaandika "Meneja wa Data" na chini yake jina la kampuni kubwa bila neno lolote kuonyesha kwamba ilikuwa kazi ya mkataba. Hapo mpe nafasi moja ya kueleza kwa maandishi. Akisema moja kwa moja "nilikuwa mkandarasi, nilikuwa naripoti kwa mtu wa idara fulani" yameisha, mwambie aandike hivyo. Akianza kuzunguka, au taito inabadilika kila ukiuliza, hiyo ni dalili ya kweli. Nyingine ni mtu anayeeleza matokeo makubwa, mauzo yalipanda hivi na vile, ila hawezi kukuambia namba ilikuwa inatoka kwenye jedwali gani na nani alikuwa anaingiza data.

Kwenye kuthibitisha kuna mtego mmoja unaoharibia frilansa wa watu sana. Mnapiga simu kwa mteja wake wa zamani, mnaomba idara ya rasilimali watu, wanatafuta jina, wanasema hatumjui. Mnamaliza kwa kuandika kadanganya. Kumbe mkandarasi hayumo kwenye orodha ya mishahara, analipwa kama wanavyolipwa wauza vifaa, kupitia uhasibu kwa invoisi, na rasilimali watu hawana sababu ya kumjua. Muombe yeye mwenyewe akupe jina la mtu aliyekuwa anampa kazi na kuipokea, na kama mnahitaji karatasi akuletee mkataba au invoisi mbili tatu za mwanzo na mwisho, kiasi cha pesa akifunike, hakiwahusu. Tarehe na maelezo ya kazi ndo mnayoyataka. Na msimpigie mtu yeyote kabla mwombaji hajakubali, hasa mteja ambaye bado anafanya naye kazi, mnaweza kumkosesha riziki kabla hamjampa nyingine.

Ukimpata huyo mteja usimuulize "alikuwa mshauri mkuu?", atakuambia ndiyo kwa sababu hajali, au hapana kwa sababu hakumbuki. Muulize alikuwa anakuletea nini, mara ngapi, na siku ambayo hakuleta nini kilikwama. Hilo la mwisho ndo nalipenda. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa ya kweli, kukosekana kwake kunaacha shimo ambalo mteja anaweza kukuelezea bila kufikiria.

Wengine watakuambia wamefungwa na mkataba wa kutunza siri, hawawezi kutaja mteja wala kuonyesha kazi. Kubali, ni jambo la kawaida sana kwenye kazi za data. Unaweza kupata aina ya biashara, ukubwa wa data na alichokabidhi bila jina. Kwa kweli mtu akikufungulia laptopu akuonyeshe dashibodi ya mteja yenye majina ya watu na mauzo yao halisi ndo ningeogopa mimi, manake kesho atafungua ya kwenu kwa mwingine.

Alafu usaili. Usitumie muda kumbana kuhusu taito, utaambulia maelezo mazuri na hujajua kitu. Mpe kitu kidogo cha kufanya, kilekile kwa wote. Swali moja jepesi ninalolipenda ni kumuonyesha hii mistari miwili na kumuuliza kwa nini majibu yanaweza kutofautiana:

```sql
SELECT COUNT(*) FROM orders;
SELECT COUNT(DISTINCT customer_id) FROM orders;
```

Aliyekaa na databesi atakujibu bila shida kwamba ya kwanza inahesabu mistari yote ya oda na ya pili inahesabu wateja wa kipekee, mteja aliyenunua mara tano anahesabiwa mara moja. Aliyekaa nayo zaidi ataongeza kwamba oda ambayo `customer_id` yake ni tupu inaingia kwenye ya kwanza na haiingii kwenye ya pili, na pengine atakuuliza kwanza, nyie kwenye ripoti mnataka ipi? Huyo anayeuliza hivyo ameshawahi kugombana na meneja juu ya namba, na huo ugomvi ndo uzoefu mnaoutafuta.

Kama mna nafasi ya jaribio refu kidogo, mpe faili la mistari kama 200 mliloliharibu makusudi, oda chache zimejirudia, tarehe ziko kwa mitindo miwili, na jumla imechanganya mauzo na bidhaa zilizorudishwa. Saa moja inatosha. Angalia kama anaona, na zaidi angalia anafanya nini akiona, anafuta tu au anaandika alichofuta na kwa nini. Msimpe data yenu halisi na tatizo lenu halisi mkaondoka na suluhisho la bure, na jaribio likizidi masaa mawili matatu mlipeni kama mkandarasi mwingine yeyote.

Yote hayo ukiyaweka pamoja, kwa mwombaji kama huyu wa mfano ningeandika hivi kwenye karatasi ya kamati: vitendo vyote vinne vina ushahidi, kuchota data ni kupitia mikataba ya pili na ya tatu tu, muda ni miezi 27 kwa masaa na 36 kwa kalenda, hajasimamia watu, ngazi ni mchambuzi wa kawaida na siyo mwandamizi. Aitwe kwenye usaili. Pembeni ya kila taito yake weka safu ya "inalingana na" na uandike taito yenu, ila usiibadilishe sivii yake wala usimwombe aandike upya ili ifanane na tangazo, manake mkija kuthibitisha baadae mtakuwa mnathibitisha maneno yenu wenyewe. Na akipata kazi, mshahara uende na ngazi mliyoipima. Asilipwe kama mshauri mkuu kwa sababu kaandika hivyo, na asilipwe kama msaidizi kwa sababu hiyo ndo taito yake ya mwisho, hilo la pili hutokea zaidi kuliko watu wanavyokiri.

Kuna mahali maelezo yangu hayatoshi. Kama hakuna mtu kwenu anayejua SQL vizuri, tafuta mchambuzi wa nje akae nanyi kwenye usaili huo mmoja, nyie peke yenu hamtaweza kutofautisha jibu zuri na jibu lenye kujiamini. Kama karatasi alizoleta zina harufu ya kughushiwa, simama, usimtuhumu kwa imeili, ongea kwanza na mwanasheria wenu au mtu wa rasilimali watu anayejua sheria za ajira za mlipo, na hao ndo wawaambie pia ruhusa ya kumchunguza mtu inatakiwa iweje kwa maandishi. Na haya yote ya kusoma majukumu badala ya taito yanaishia pale taito inapolindwa na sheria. Nafasi ikiwa ya mhasibu aliyesajiliwa, nesi, mhandisi au wakili, mtu hawezi kujipa jina hilo wala wewe huwezi kumpa "inayolingana", hapo nenda kwenye rejista ya bodi husika utafute jina na namba yake, kama hayumo hakuna sampuli ya kazi itakayomuingiza.